Talaka Iliyotundikwa Kwenye Nazi

Miaka ya ruksa ilipowadia na biashara ikaachiwa wenye kuiweza, milango mingi ilifunguliwa, na kila mlango uliofunguliwa Bwana Abdulkarimu wa Kibiti aliupitia kwa tumbo. Kabla ya hapo alikuwa mpanga foleni kama sisi sote, akisimama na kidumu chake mbele ya duka la ushirika kungoja mafuta ya kula ambayo aghalabu yalikwisha kabla hayajafika. Ruksa ilipotoka akaingia katika biashara ya kamba wa delta. Aliwanunua huko Nyamisati wakiwa bado wanarukaruka, akawalaza katika barafu, akawapeleka Dar es Salaam kwa wenye makampuni. Haukupita muda, maduka yakajaa madumu ya mafuta kutoka ng'ambo, na nyumbani kwa Abdulkarimu chapati zikaanza kuogelea, sambusa zikatoa jasho, hata maharage, chakula cha watu wanyenyekevu, yakawa yanameremeta kama paji la uso la bwana harusi.

Tumbo likanawiri. Bwana huyu alipenda kusali safu ya mbele, na safu ya mbele ikalazimika kumpunguza mtu mmoja ili yeye aenee.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakupenda litajwe mbele ya wageni wake wa Dar es Salaam. Nyumba aliyokaa, yenye baraza pana la saruji na mlango wa mninga, haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe, Mwanamina, aliyeirithi kwa marehemu babake pamoja na shamba la minazi lililo nyuma ya nyumba. Abdulkarimu aliingia humo siku ya harusi akiwa na sanduku la bati na kanzu mbili.

Na jambo la pili, ambalo yeye hakuliona kuwa aibu ingawa lilikuwa aibu zaidi, ni kwamba alikuwa mwepesi wa talaka. Ya kwanza aliitoa kwa sababu Mwanamina aliwaambia wageni kuwa mumewe hukoroma. Ya pili aliitoa kwa sababu ya shati lililoungua pasi. Kila mara alimrejea mkewe kabla eda haijaisha, baada ya kugundua kuwa ghala lake la kamba halina jiko. Mbili zikawa zimetumika. Ilibaki moja tu, na hiyo, kama ajuavyo kila aliyekaa darasani hata wiki mbili, ikitoka hairudi mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine kwa ndoa ya kweli, kisha naye wa pili amwache au afe.

Maradhi yalimpata mwaka wa neema kubwa ya kamba. Maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia, yakampanda hadi kwenye bega, akatapika nyongo. Alikwenda Dar es Salaam, akapigwa picha ya tumbo kwa mashine, na daktari akamweleza kuwa kifuko chake cha nyongo kimejaa vijiwe. Akiacha mafuta huenda vikatulia. Akiendelea nayo, atapasuliwa. Abdulkarimu, aliyekwisha kuwakata vichwa kamba wasiohesabika, alitetemeka kwa ajili ya kisu kimoja.

Alirudi Kibiti siku ya pili yake, akapiga mbiu ya vita nyumbani. Alilibeba dumu la mafuta hadi barazani, akasimama juu yake kama khatibu, na mbele yake wakiwa wamekaa Mwanamina na kakake Mwanamina aitwaye Ridhiwani, mfanyabiashara wa boriti za mikoko, mtu mwenye ulimi usiojua kupumzika.

"Mwanamina!" akanadi. "Humu ndani mafuta yamekwisha. Siku utakayonipikia chakula chenye mafuta, nikakila, basi umeachika, na hiyo ndiyo ya tatu."

Mwanamina alishika shavu. Ridhiwani akainua kichwa.

"Shemeji, hilo ni neno au ni kikohozi?"

"Ni neno. Na wewe ni shahidi."

"Haya. Nimeshuhudia mtu akiapa juu ya dumu. Shuka sasa, litapasuka."

Mwanamina aliligawa dumu kwa majirani jioni ile ile. Tangu hapo chakula cha bwana kikawa samaki wa kuchoma, mchicha wa chukuchuku uliotiwa chumvi na ndimu tu, na muhogo wa kuchemsha asubuhi. Na wali.

Wali haukuulizwa. Haukuulizwa kwa sababu hakuna aliyewaza kuuuliza. Kwetu nazi haihesabiwi kuwa kitu kilichotiwa kwenye wali. Ni sehemu ya wali, kama moto ulivyo sehemu ya mapishi. Wali uliopikwa kwa maji matupu hupewa wagonjwa wasiojitambua na wanafunzi wa bweni, na bibi harusi atakayempelekea mkwe wake sahani ya wali wa maji atarudishwa kwa kungwi wake akaanze upya. Kwa hiyo Mwanamina, mwanamke aliyekwisha kulitoa dumu na kukisugua kikaango hata harufu ya mafuta ikatoka, aliketi kila mchana juu ya mbuzi yake, kile kibao chenye meno cha kukunia nazi, akakuna nazi mbili zilizokomaa. Alizikamua tui la kwanza, zito na jeupe kama chokaa, akaliweka kando. Akatia maji kwenye machicha, akakamua tui la pili, jepesi, akauchemshia mchele humo. Maji yalipokaribia kukauka akamimina lile zito juu yake, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Wali ulitoka unang'aa, punje moja moja, na mumewe akala akimshukuru Mola kwa kumpa subira ya kujinyima.

Mwezi wa kwanza maumivu yalimrudia nyumbani mara kadhaa, madogomadogo. Alisema ni jicho la watu. Kisha ukaja mwaliko wa harusi huko Umwe.

Pilau ilikuwa ya ng'ombe aliyenona. Sinia lilipotua, Abdulkarimu akakunja mkono wa kanzu, akatangaza kwa sauti ya mtu aliyeshinda nafsi yake:

"Nyama ondoeni upande wangu. Mimi nina masharti. Nitakula wali tu."

Wakaondoa nyama. Akala wali tu. Alikula upande wake, kisha akahamia upande ulioondolewa nyama, kisha sinia la pili lilipoletwa akalikaribisha kama mgeni.

"Shemeji," Ridhiwani akamwambia akiwa na pande la mbavu mkononi, "nyama umeikimbia, lakini mbona supu yake umeifuata?"

"Supu iko wapi hapa? Pilau kavu hii."

"Ndiyo maana ni kavu. Nyama imechemshwa na shahamu yake asubuhi nzima, na supu yote ikapikiwa mchele. Haikumwagwa hata upawa. Unadhani imekwenda wapi? Imepanda basi la Lindi?"

"Wewe kula ukae kimya. Mwenye kujinyima haelezwi na mwenye mbavu mdomoni."

Hata hawajafika Kibiti, pale nyuma ya gari dogo la mizigo, Abdulkarimu akajikunja kama kamba aliyetiwa kwenye maji ya moto. Walimfikisha nyumbani analia. Na alipopata nafuu, mtu huyu aliyekula masinia mawili ya mchele uliokunywa shahamu ya ng'ombe mzima, alimwita mkewe akamwuliza kwa ukali ameweka nini kwenye muhogo wa asubuhi.

"Chumvi, Baba Zaitun," akajibu Mwanamina. Zaitun ni binti yao, aliyeolewa Utete.

"Chumvi haimwangushi mtu. Mimi nakutazama, Mwanamina. Kumbuka neno langu la barazani."

Mwanamina alikusanya vyombo. Lakini tangu siku hiyo hakulala vizuri, kwa kuwa alikuwa mcha Mungu, na hakuna jambo linalomtesa mcha Mungu kama kuishi na mtu asijue kama ni mumewe au ni mwanamume tu aliyemo ndani.

Wiki iliyofuata, Ijumaa, Abdulkarimu alirudi kutoka msikitini na njaa ya mtu aliyesikiliza hotuba ndefu. Alikula samaki wa kuchoma, mchicha wa chukuchuku na wali, sahani ikafuata sahani. Alasiri haijaadhiniwa akawa chini, analia kwa sauti iliyovuka barabara. Mwanamina na Ridhiwani wakampakia kwenye mkokoteni wa kubebea boriti, wakamkokota hadi kituo cha afya.

Muuguzi wa zamu alikuwa Winifrida, mwanamke wa kutoka upande wa ziwa, aliyekaa Kibiti muda wa kutosha kuzijua njia zake lakini si jikoni mwake. Alimbonyeza mgonjwa chini ya mbavu, mgonjwa akapiga ukelele.

"Amekula nini?"

"Mafuta!" Abdulkarimu akanguruma kabla mwingine hajafungua kinywa. "Nimelishwa mafuta! Mwulize huyu mwanamke, Nesi. Anataka kuniua arithi kamba wangu!"

"Nesi, Mungu shahidi yangu," Mwanamina akasema, machozi yakimlengalenga. "Amekula samaki wa kuchoma, mchicha wa chumvi na wali. Nyumbani kwangu hakuna hata tone."

"Wali umepikaje, mama?"

"Kama wali unavyopikwa."

"Kwa maji?"

Ndugu hao wawili wakatazamana. Hata Abdulkarimu aliacha kulia kwa kuona ametukanwa.

"Kwa nazi, Nesi," Mwanamina akasema kwa upole, kama amfundishaye mgeni. "Sisi si watu wa kula wali wa maji."

"Nazi ngapi?"

"Mbili."

"Mmekula wangapi?"

"Sisi wawili. Mimi kidogo. Yeye kilichobaki."

Winifrida akaweka kalamu mezani. "Mama, yale mafuta ya nazi mnayouza sokoni kwenye chupa, ya kupaka nywele, mnayapata wapi?"

"Tunakuna nazi, tunakamua tui, tunalichemsha mpaka..."

Hakumaliza. Mkono wake ulikwenda mdomoni.

"Mpaka maji yaishe, mafuta yabaki," Winifrida akamalizia. "Hayakutoka kwenye chupa, mama. Yalikuwamo ndani ya tui tangu mwanzo. Ukichemsha tui peke yake unayaona. Ukilichemsha pamoja na mchele, mchele unayanywa, nawe huyaoni. Basi mafuta yakifika tumboni, kifuko cha nyongo hujikamua ili yasagike. Chake kina vijiwe. Kikijikamua, kijiwe kinaziba njia. Ndiyo hayo anayoyalilia. Wali ungepikwa kwa maji, kifuko kingelala."

Mwanamina akavuta khanga yake, akajifunika uso mbele ya mumewe kama mtu ajifunikavyo mbele ya mgeni.

"Basi nimeachika," akasema. "Nimepika, chenye mafuta, naye amekila. Mimi si mke wake tena."

Abdulkarimu, aliyekuwa hawezi kugeuza shingo kwa maumivu, alikaa kitako juu ya kitanda.

"Nani kasema? Nani kasema umeachika? Nazi si mafuta!"

"Si umesema umelishwa mafuta?" Winifrida akauliza.

"Nilisema kwa uchungu! Mgonjwa mimi! Mtu mgonjwa mnamsikiliza?"

"Shemeji," Ridhiwani akasema taratibu, "ulikuwa na shahidi siku ya dumu. Nadhani ni mimi."

Alipopigwa sindano ya kutuliza maumivu na kuruhusiwa kurudi, Abdulkarimu alikuta lile sanduku lake la bati limewekwa barazani, na kanzu zimekunjwa vizuri juu yake. Mwanamina alizungumza kutoka nyuma ya mlango wa mninga. Hakupaza sauti. Alisema kuwa nyumba ni yake, na kwamba hatalala chini ya paa moja na mtu mpaka Sheikh aseme huyo mtu ni nani. Bwana mwenye kamba akaenda kulala ghalani na kamba wake.

Kesho yake baada ya alasiri walikutana kwenye baraza la Sheikh Mwinyimvua. Sheikh alikuwa mtu mwembamba, mwenye desturi ya kumwachia msemaji aseme mpaka ajichoshe. Mwanamina alikaa pembeni na Bi Mwamini, mke wa Sheikh. Ridhiwani alikuja na nazi mbili na jiko la makaa, akasema ni vielelezo. Majirani walipita na kupita tena, kila mmoja akiwa na salamu iliyohitaji kukaa.

"Sema tena maneno yako ya barazani," Sheikh akamwambia Abdulkarimu. "Kama yalivyotoka."

Akayasema. Mbele ya watu yalisikika madogo na ya kipumbavu.

"Ulikusudia talaka?"

"Nilikusudia azuilike, Sheikh. Kumkataza mafuta."

"Haya. Nina swali moja kwa Mwanamina..."

"Ngoja, Sheikh, kwanza mimi!" Abdulkarimu akadakia, akajipanga. Ilijulikana hakulala, alikuwa akitunga hoja. "Nazi ni tunda. Je, mtu akila embe amekula mafuta? Tui ni maji ya tunda. Mwenyezi Mungu ameliumba jeupe kama maziwa. Na katika wali halibaki tui, yabaki ladha. Ladha haina uzito wala haina mafuta. Wazee wetu walikula wali wa nazi wakaishi mpaka wakachoka kuishi. Leo aje mwanamke wa ziwani, ambaye kwao hakuna mnazi, atufundishe nazi?"

Aliendelea hivyo kwa muda mrefu. Wakati anaendelea, Mwanamina alikuwa amekuna zile nazi mbili, akakamua tui kama akamuavyo kila siku, akaliweka lote jikoni penye makaa mbele ya macho ya watu. Halikutiwa mchele. Lilichemka, likapanda, likashuka. Weupe ukaanza kuvunjika. Maji yalipokwisha kukimbia, mashapo yakawa ya kahawia chini ya sufuria, na juu yake pakabaki mafuta masafi, yanaonyesha uso wa mtu. Akayachuja kwenye glasi ya chai. Yakafika nusu.

Ridhiwani akazipanga sahani nne tupu mkekani.

"Sufuria ile ni ya sahani nne," akasema. Akachukua kijiko cha kulia, akapima: viwili katika sahani ya kwanza, viwili katika ya pili, mpaka glasi ikawa tupu. Kisha akazikusanya sahani tatu kati ya nne, akazisogeza mbele ya Abdulkarimu. "Na hizi ndizo zako wewe, shemeji, kwa desturi yako. Moja ni ya dada yangu."

Watu wakacheka. Bi Mwamini aliinama akajifanya anafunga upande wa khanga.

"Hayo ni mafuta ya moto!" Abdulkarimu akapinga. "Moto ndio umeyafanya!"

"Na wali wako," Sheikh akauliza, "ulipikwa kwa jua?"

Kicheko kikarudi. Sheikh akainua mkono. "Sasa, swali langu kwa Mwanamina..."

Lakini Abdulkarimu alikwisha kuchomwa na kicheko, na mtu wa aina yake akichomwa hutafuta maji kwenye petroli.

"Hapana, Sheikh! Kwanza ushahidi! Mwili wangu ndio mashtaka, na uwe ndio shahidi. Nileteeni wali wa nazi. Nitaula hapa mbele yenu. Nisipoumwa, itajulikana kuwa nazi si mafuta, na mke wangu ni mke wangu."

"Bwana Abdulkarimu, nakuomba ungoje. Sijamaliza."

"Sheikh, usininyime haki yangu ya ushahidi."

Sheikh Mwinyimvua akamtazama kwa kitambo, kama mtu amtazamaye mwingine akijifunga kamba mguuni mwenyewe. "Bi Mwamini," akasema, "umebaki wali wa mchana?"

"Upo. Wa nazi tatu, kulikuwa na wageni."

"Mletee. Mkono wa Mwanamina usiguse sahani hiyo wala kifuniko chake. Umepikwa nyumbani kwangu, na wewe ndiye unayempa."

Sahani ikaja imejaa. Abdulkarimu alisema bismillahi kwa sauti ya kusikiwa na mahakama, akaanza kula polepole kama shahidi. Baada ya matonge machache akasahau ushahidi. Tangu jana alikuwa na njaa ya ghalani, na wali wa Bi Mwamini ulikuwa na sifa zake. Alikula kwa upendo. Aliifuta sahani kwa vidole, akavilamba kimoja kimoja, akauliza kama upo mwingine kidogo ili ushahidi uwe kamili. Upo. Akala.

"Mnaona?" akasema alipomaliza, akilipapasa tumbo. "Salama salimini. Nazi ni tunda."

Sheikh alitoa tasbihi yake. Majirani wakazungumza habari za mafuriko ya mto na bei ya boriti. Jua lilikuwa limeinama kidogo tu Ridhiwani alipoona tabasamu la shemeji yake limebaki mahali pake bila mwenyewe kuwapo.

"Vipi?"

"Salama."

"Mbona unatoka jasho?"

"Joto."

Mkono wa kulia wa Abdulkarimu ulikwenda chini ya mbavu, ukajirudisha gotini kwa aibu, ukaenda tena.

"Ni upepo tu," akasema bila kuulizwa. "Tumboni. Unapita."

"Huo upepo gani unaokunja watu?"

"Ridhiwani, kama una..." Hapo sauti ikamkatika. Bega lake la kulia likapanda hadi sikioni, akaanguka ubavu juu ya mkeka, akalia mlio ambao Kibiti ilikwisha kuuzoea. Akatapika ushahidi wote kwenye beseni ambalo Bi Mwamini, mwanamke mwenye kuona mbali, alikuwa ameliweka karibu tangu sahani ya pili.

Ridhiwani alikwenda kumwita Winifrida. Akaja na sindano yake, akamchoma, akatazama sahani, akatikisa kichwa, akaketi kungoja kama wengine.

Maumivu yalipoanza kulegea, Sheikh akaweka tasbihi chini.

"Sasa naweza kuuliza swali langu? Mwanamina, siku ulipompikia mumeo wali wa nazi, ulijua kuwa unampikia kile alichokukataza?"

"Wallahi sikujua, Sheikh. Dumu nililitoa siku ile ile. Nazi sikuihesabu. Hata yeye hakuihesabu."

"Basi talaka haikuanguka. Mume alikusudia kukuzuia, nawe hukujua kuwa unalivunja neno lake. Na atendaye bila kujua hakimwangukii kiapo. Wewe ni mkewe, jana, juzi na leo. Hukumu ndiyo hiyo, iwe nazi ni mafuta au si mafuta. Nayo ni mafuta."

Kutoka mkekani ikasikika sauti nyembamba:

"Sheikh... ulikuwa ukiyajua haya tangu mwanzo?"

"Tangu alasiri. Ulinikatiza. Mara tatu."

Hata Winifrida, ambaye hayo ya viapo hayakuwa ya dini yake, aligeuka kutazama ukutani, mabega yakimtetemeka.

Abdulkarimu alifumba macho. Kisha akayafumbua, na kwa mara ya kwanza tangu jana akapata rangi. "Alhamdulillahi. Basi yamekwisha. Mwanamina, twende ukalirudishe sanduku ndani."

"Hayajakwisha," Sheikh akasema. "Kiapo chako hakikufa, kimelala tu. Ulikitundika kwa maneno yako mwenyewe, na hukukiwekea mwisho. Alipopika kwanza hakujua. Sasa anajua, nawe unajua, na hawa wote wanajua, maana umehakikisha. Kuanzia leo, akikupikia kwa makusudi wali wa nazi ukaula, au mchele ulionyweshwa supu ya nyama yenye shahamu, ile ya tatu imeanguka, na hakuna wa kuiokota."

"Nakifuta kiapo! Mbele yenu nyote, nakifuta!"

"Talaka iliyotundikwa haishushwi na aliyeitundika. Ungeliuliza kabla ya kupanda juu ya dumu."

Mwanamina alikuwa bado ameinamisha kichwa. Alipouinua uso, khanga ilimteleza mabegani na hakuirudisha.

"Kwa hiyo, Sheikh," akauliza pole pole, kama mtu apimaye kina cha maji kwa mguu, "talaka yangu mimi sasa iko jikoni mwangu?"

"Iko jikoni mwako, binti yangu. Mche Mungu."

"Namcha," akasema Mwanamina.

Akaondoka pamoja na kakake. Sanduku la bati alilirudisha ndani mwenyewe, bila kuombwa.

Tangu hapo Bwana Abdulkarimu hula wali wa maji. Mwanamina anaupika vizuri, kwa chumvi na majani ya mchaichai, na pembeni, katika sufuria ndogo yenye kifuniko chake, anapika wake mwenyewe kwa nazi, anaula mbele yake bila kumkaribisha. Vile vijiwe vimetulia. Tumbo limepungua, na safu ya mbele imempata tena yule mtu wake wa zamani. Wageni wa Dar es Salaam wakija na kushangaa kuona tajiri wa kamba anakula chakula cha bweni, hujibu kuwa ni amri ya daktari.

Ndani ya nyumba sauti yake imepungua zaidi kuliko tumbo. Karibuni tu shati lake jeupe la Ijumaa liliungua tena pasi, palepale kwenye kola, na majirani wakamsikia akianza kama zamani: "Mwanamina! Mwanamke wewe, hivi wewe..."

Mwanamina alikwenda uani, akaivuta mbuzi yake, akaketi, akachukua nazi iliyokwisha kupasuliwa, akaanza kukuna.

Krr. Krr. Krr.

Abdulkarimu akatoka na shati mkononi, akachuchumaa mbele ya jiko, akauliza kwa adabu kubwa makaa ya pasi yako wapi, apige mwenyewe.